Mtoto wa Mtongwe: Uchambuzi wa Mpango Mmoja wa Uuguzi katika Mtihani wa Wodini

Katika mtihani wa wodini mtahiniwa hupangiwa mgonjwa mmoja, akamchukulia historia, akamchunguza, akaandika mpango wa huduma ya uuguzi, akautekeleza, kisha akautetea mbele ya mtahini. Mgonjwa na mtahiniwa wa kisa hiki nimewaunda kwa ajili ya somo. Makosa yaliyomo sikuyaunda. Huyaona kila mtu anayesahihisha mipango hii. Mtihani wenyewe huandikwa kwa Kiingereza, lakini mantiki inayopasa kuonekana kwenye karatasi ni hii hii.

Mgonjwa ni mtoto wa kiume wa miezi 14, wodi ya watoto, hospitali moja mjini Mombasa. Ameletwa na mamake na nyanyake kutoka Mtongwe, upande wa Likoni. Ni saa tatu asubuhi. Mama anasema mtoto ameanza kuendesha jana saa mbili usiku, choo ni maji matupu yasiyo na damu, ameenda mara saba na kutapika mara tatu. Bado ananyonya. Kwenye kijitabu cha mama na mtoto, wiki mbili zilizopita alipimwa kilo 9.6. Leo mizani inasoma 9.0. Mapigo ya moyo ni 152 kwa dakika, pumzi 36, joto 37.9. Macho yamebonyea, na mama anakubali kwamba si kawaida yake. Ngozi ya tumbo ikibanwa inarudi polepole, lakini haipiti sekunde 2. Mtoto hatulii, analialia, na akiona kikombe anakirukia. Matakoni ana wekundu unaomuuma akipanguswa.

Mtahiniwa ameanza vizuri kwa jambo moja ambalo wengi hulikosa: amewasalimu wenyewe kabla ya kumgusa mtoto. "Shikamoo nyanya. Mama, hujambo? Naomba uniambie tangu mwanzo." Kwa sababu hiyo akapata habari ambayo hangeipata kwa maswali ya haraka. Nyanya alisema mtoto anaota meno, kwamba kuendesha kwa meno hakuna neno, na kwamba usiku walimpunguzia vinywaji ili tumbo lipate kukauka. Alfajiri wakampa soda kidogo apate nguvu. Nyanya akaongeza kwamba yeye alitaka apewe maji ya dafu, lakini mama akaogopa. Kila neno katika maelezo haya lina mahali pake kwenye mpango, na tutayarudia.

Kosa la kwanza lilitokea hapo hapo, kwenye karatasi ya uchunguzi. Alipouliza mtoto alikojoa lini mara ya mwisho, mama alijibu, "Saa nane." Mtahiniwa akaandika 08:00. Mama alikuwa na maana ya saa nane usiku, yaani 02:00. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana: kwa maandishi yake mtoto alikojoa saa moja iliyopita, na kwa ukweli hajakojoa kwa saa saba. Ishara muhimu ya upungufu wa maji ikapotea kwa kalamu. Watu wetu husema saa kwa hesabu ya Kiswahili na chati hujazwa kwa hesabu ya saa 24, kwa hiyo swali la kufuatisha ni la lazima: "Saa nane ya usiku au ya mchana?" Kisha uandike ulichohesabu, si ulichosikia.

Sasa utambuzi wa uuguzi. Mtahiniwa aliandika hivi:

"Upungufu wa maji mwilini unaohusiana na gastroenteritisi, unaothibitishwa na kuharisha na kutapika."

Mtu akiisoma haraka ataiona nzuri. Ina sehemu tatu zinazotakiwa: tatizo, chanzo na ushahidi. Lakini chanzo chake ni jina la ugonjwa, na ushahidi wake si ushahidi.

Chukua chanzo kwanza. Gastroenteritisi, yaani uvimbe wa tumbo na utumbo unaoleta kuharisha na kutapika, ni utambuzi wa daktari. Muuguzi akiuandika kama chanzo, anajifungia mlango, kwa sababu hatua zake za uuguzi haziiondoi gastroenteritisi. Zinachoweza kushughulikia ni maji yanayotoka na kiasi kinachorudishwa. Kwa hiyo chanzo kiandikwe kama kitu ambacho muuguzi anaweza kukifanyia kazi: maji kupotea kupitia choo chepesi na matapishi, pamoja na mtoto kunyimwa vinywaji usiku. Hiyo sehemu ya mwisho imetoka kwa nyanya. Mtahiniwa aliisikia, akaiandika kwenye historia, halafu akaisahau alipofika kwenye utambuzi.

Ushahidi ndio mzizi wa mpango wote. Kuharisha hakuthibitishi kwamba mtoto amepungukiwa na maji. Wapo watoto wanaoharisha mara nane kwa siku na miili yao ina maji ya kutosha, kwa kuwa wanakunywa vya kutosha. Kuharisha ni njia ambayo maji yanatokea, kwa hiyo mahali pake ni kwenye chanzo. Kinachothibitisha ni kile ulichokiona mwilini kwa macho, kwa vidole na kwa mizani. Utambuzi ukiandikwa upya unakuwa hivi:

"Upungufu wa maji mwilini unaohusiana na kupotea kwa maji kupitia choo chepesi na matapishi pamoja na kupunguziwa vinywaji, unaothibitishwa na macho kubonyea, ngozi ya tumbo kurudi polepole, kutotulia, kiu kali, kutokojoa kwa saa 7, mapigo ya moyo 152, na uzito kushuka kutoka kilo 9.6 hadi 9.0."

Tazama alivyobadilika mgonjwa huyu. Kilo 0.6 iliyopotea ni kama asilimia 6 ya uzito wake. Kutotulia, macho kubonyea, kiu na ngozi inayorudi polepole ni dalili nne zinazomweka kwenye daraja la upungufu wa kadiri, ambalo huhitaji dalili mbili tu kati ya hizo. Hajafika kwenye upungufu mkali, ambako ungemwona amelegea au hana fahamu, hawezi kunywa, na ngozi inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi. Mtahini akisoma sentensi hii anajua uzito wa hali bila kuuliza swali. Akisoma ile ya kwanza, hajui kama mtoto huyu anahitaji kikombe au dripu.

Kipimo cha ngozi kinastahili uangalifu, maana mtahini atataka kukiona kwa vitendo. Bana tumboni, katikati ya kitovu na ubavu, mkunjo ukifuata urefu wa mwili, ushikilie sekunde moja, uachilie. Ukibana kwa ncha za kucha utamuumiza mtoto bila kupata jibu. Mtoto aliyekonda sana kwa utapiamlo ngozi yake hurudi polepole hata maji yakiwa ya kutosha, na mtoto mnene huweza kukuficha upungufu. Huyu hayumo katika hali zote mbili, kwa hiyo kipimo kinaaminika.

Tuje kwenye lengo. Mtahiniwa aliandika: "Mtoto ataacha kuharisha ndani ya saa 4." Nafahamu kwa nini. Mama amemleta kwa sababu ya kuendesha, na kila mtu pale kitandani anatamani aone kumekoma. Lakini hakuna chochote katika mpango wake kinachozuia kuharisha. ORS, yaani maji ya kunywa yenye chumvi na sukari zilizopimwa, hairudishi choo kuwa kigumu. Kazi yake ni kurudisha maji, na kuharisha kwenyewe huendelea siku kadhaa mpaka utumbo upone. Lengo hilo lisingeweza kufikiwa hata kama kila kitu kingefanywa sawasawa. Lengo lisilowezekana huharibu pia ukurasa wa mwisho, kwa sababu baada ya saa 4 mtahiniwa atalazimika kuchagua kati ya kuandika "halikufikiwa" kwa mtoto aliyepata nafuu, au kuandika "limefikiwa" jambo ambalo si kweli.

Wengine huandika lengo kama kazi ya muuguzi: "Kumpa mtoto ORS na kufuatilia hali yake." Hiyo ni hatua. Lengo humzungumzia mgonjwa, atakavyokuwa na kwa muda gani.

Namna ya kulipata lengo sahihi si ngumu ukiwa na utambuzi uliokaa vizuri. Rudi kwenye ushahidi, chukua ishara moja moja, uigeuze. Macho yaliyobonyea, ngozi inayorudi polepole, kutokojoa, mapigo ya 152: kila moja ina upande wake wa pili. Kwa hiyo:

"Ndani ya saa 4 (kufikia 13:00) mtoto atakuwa na dalili za maji kurudi mwilini: ngozi ya tumbo itarudi mara moja, macho hayatakuwa yamebonyea, atatulia, atakojoa angalau mara moja, mapigo ya moyo yatakuwa chini ya 140, na uzito utakuwa umepanda kutoka kilo 9.0."

Sikuandika kiasi cha mkojo kwa mililita, na nina sababu. Choo cha maji na mkojo vikichanganyika kwenye nepi moja, mizani haiwezi kuvitenganisha, na namba utakayoandika itakuwa ya kubuni. Kukojoa mara moja, kwa mtoto ambaye hajakojoa kwa saa 7, ni jambo ambalo mama ataliona na wewe utaliona.

Hatua za uuguzi huanza na hesabu. Kwa daraja hili mtoto hupewa ORS mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4. Mara 9, inakuwa mililita 675. Mtahiniwa alifika hapo na akaandika "apewe mililita 675 za ORS kwa saa 4." Mtahini akamuuliza, "Mama atampaje?" Akanyamaza.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa uuguzi. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Kijiko kila dakika mbili ni mililita 150 kwa saa, yaani 600 kwa saa 4, pungufu ya 75. Kijiko kila dakika moja ni 300 kwa saa, na huo ni mwendo wa kumtapisha mtoto ambaye tumbo limechafuka. Kwa hiyo unamwelekeza mama aanze na kijiko kila dakika mbili, na akiona mtoto anakubali aongeze kasi kidogo. Akitapika, wasubiri dakika 10, kisha waendelee taratibu zaidi. Mama akimnyonyesha katikati, ni sawa kabisa. Weka kikombe chenye alama kando ya kitanda, uandike kila saa kiasi kilichokunywewa, kwa sababu bila maandishi hayo tathmini ya saa 13:00 itakuwa ya kukisia.

Sababu ya kisayansi ya hatua hii huandikwa na wengi kama "kurudisha maji na chumvi zilizopotea." Si uongo, ila haielezi kwa nini ORS na si maji matupu. Ukuta wa utumbo mdogo huvuta sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji huzifuata. Njia hiyo hubaki wazi hata mtoto akiwa anaharisha, ndiyo maana ORS inafanya kazi utumbo ukiwa mgonjwa. Sababu hiyo hiyo inaeleza tatizo la soda: ina sukari nyingi mno na sodiamu kidogo, nayo sukari iliyozidi huvuta maji kuingia ndani ya utumbo na kuharisha kukazidi. Ukiliandika hili, umeunganisha historia ya nyanya na hatua yako, na mtahini ataona kwamba mpango ni wa mtoto huyu, haukukaririwa.

Kuna ishara mbili za kumchunga wakati ORS inaendelea. Kope zikivimba, maji yamezidi. Simamisha ORS, aendelee na maziwa ya mama na maji ya kawaida. Mtoto akilegea au akishindwa kunywa, ameshuka daraja. Mwite afisa wa kliniki au daktari mara moja, maana sasa ni dripu. Mpango unaomwonyesha mgonjwa akipona tu, bila kusema utafanya nini akizidiwa, haujakamilika.

Zinki hupewa miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, kwa siku 10 hadi 14. Sababu yake ni kupunguza muda na ukali wa kuharisha, na kupunguza uwezekano wa kurudi katika miezi inayofuata. Mara nyingi mama huacha siku ya tatu choo kinapokaza, kwa hiyo liandike kama jambo la kufundisha, lisibaki kwenye chati ya dawa peke yake.

Utambuzi wa pili ni ngozi kuharibika kutokana na kuguswa na choo chepesi mara kwa mara, unaothibitishwa na wekundu na maumivu matakoni. Nepi ibadilishwe mara ichafukapo, asafishwe kwa maji bila kusugua, akaushwe, apakwe krimu ya zinki oksaidi. Kosa la hapa ni la muda: mtahiniwa aliweka saa 4 kwa sababu alikuwa ameshaandika saa 4 juu. Wekundu hauondoki kwa saa 4. Weka saa 48, na kwenye tathmini ya leo sema tu kwamba haujaongezeka wala haujachubuka.

Aliongeza pia "hatari ya mshtuko wa upungufu wa maji unaothibitishwa na mapigo ya haraka." Utambuzi wa hatari hauna dalili, kwa kuwa jambo lenyewe halijatokea. Una mambo yanayoiongeza hatari, basi: maji yanaendelea kupotea na mtoto ni mdogo. Ukiandika dalili, unasema mshtuko umeshaingia, na mtahini atakuuliza mbona umekaa.

Utambuzi wa tatu ndio ninaoupenda zaidi katika kisa hiki, na ndio uliopewa mistari miwili tu. "Upungufu wa maarifa kwa mama kuhusu lishe." Si lishe. Ushahidi uko wazi: familia ilipunguza vinywaji, ilitoa soda, na inaamini kuendesha kwa meno hakuhitaji matibabu. Basi andika: upungufu wa maarifa kuhusu matunzo ya mtoto anayeharisha, unaohusiana na kutopata maelekezo kabla, unaothibitishwa na mambo hayo matatu. Na uwaandike walezi wote wawili. Nyumbani Mtongwe neno la nyanya ndilo litakalofuatwa, na ukimfundisha mama peke yake umemtuma akabishane na mkwewe au mamake.

Namna ya kufundisha ina uzito. Nyanya hakukosea kila kitu. Maji ya dafu ni miongoni mwa vinywaji vinavyokubalika kumwongezea mtoto nyumbani, pamoja na maji ya mchele na uji mwepesi. Yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo hayachukui nafasi ya ORS mtoto akiwa ameshaishiwa maji kama huyu, lakini wazo lake la kumpa kinywaji lilikuwa zuri. Anzia hapo: "Nyanya, dafu ulilolisema ni zuri, akishapata nafuu mpeni. Leo tuanze na hii." Kuhusu meno usimwambie anadanganya. Mwambie mtoto wa umri huu hutambaa na kutia kila kitu mdomoni, na uchafu huingia kwa njia hiyo wakati ule ule meno yanapotoka.

Maji ya kuchanganyia ORS ni suala la Mombasa hasa. Mama alisema hununua maji ya mkokoteni kwa jerikeni, na yakikosekana huteka kisimani. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Lakini maji ya kisima yenye ladha ya chumvi hayafai kuchanganyia ORS hata yakichemshwa, kwa kuwa yanaongeza sodiamu juu ya ile iliyokwisha kupimwa kwenye pakiti. Pakiti nazo zinatofautiana: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita nzima, kwa hiyo mama asome au asomewe. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Saa saba mchana mtahiniwa alirudi kitandani na kuandika: "Lengo limefikiwa. Mtoto anaendelea vizuri." Mtahini hawezi kulipa alama neno "vizuri." Tathmini ni ile orodha ya lengo, iliyopimwa upya, kwa kifaa kile kile na mahali pale pale. Ilivyopasa kusomeka ni hivi:

"13:00. Amekunywa ORS mililita 620 kati ya 675. Ametapika mara 1 saa 09:40, choo chepesi mara 2. Ngozi ya tumbo inarudi mara moja. Ametulia, anacheza na mamake. Amekojoa 11:30. Mapigo 128. Uzito kilo 9.4. Macho bado yamebonyea kidogo. Lengo limefikiwa kwa sehemu."

Wengi huogopa kuandika "kwa sehemu," wakidhani wamejishtaki. Macho kubonyea ni dalili moja iliyobaki, na dalili moja haimweki tena kwenye daraja la upungufu. Kuiandika kunaonyesha kwamba ulitazama. Halafu mpango hubadilika, na mabadiliko hayo yaandikwe: sasa mtoto apewe ORS mililita 10 kwa kilo, yaani kama 90, kila baada ya choo chepesi, aendelee kunyonya, aanze kula, apimwe tena baada ya saa 2.

Tathmini ya utambuzi wa tatu haiandikwi "mama ameelewa." Andika alichokifanya. Alichanganya pakiti mbele yako kwa kipimo sahihi? Alitaja atakapomrudisha mtoto, yaani akishindwa kunywa au kunyonya, choo kikiwa na damu, homa ikipanda, au akizidi kuugua? Nyanya alitaja mangapi? Katika kisa hiki mama alichanganya sawasawa na akataja yote isipokuwa damu, na nyanya akaikumbuka. Lengo hilo limefikiwa, na kilichobaki kuandikwa ni zinki ya kuendelea nayo nyumbani na kwamba mtoto arudi baada ya siku 5 kama kuendesha hakujakoma.